Ubao wa vitanzi viwili: shajara ya saketi ya mafunzo, Busia

Jumamosi asubuhi: ubao na mchoro

Mradi huu ni wa mpwa wangu, binti anayesoma S.5. Sheria mbili za Kirchhoff ameshafundishwa darasani na anaweza kuzitamka bila kukosea neno. Lakini akipewa saketi yenye betri mbili, anakwama mahali pale pale kila mara: hajui mshale wa mkondo auelekeze wapi, na hata akikisia, anaogopa kuendelea. Kwa hiyo tunaijenga saketi yenyewe juu ya ubao hapa karakana, Busia, ili kila jibu atakalolipata daftarini alipime kwa multimita. Naandika hatua zetu kwa ajili ya yeyote anayeanza kama yeye.

Saketi nimeichagua iwe ndogo kabisa, ila isiwe ndogo kiasi cha kuficha jambo lenyewe. Kushoto kuna betri ya mraba ya volti 9. Kulia kuna betri mbili za tochi za volti 1.5 zilizofuatana, jumla volti 3. Rezista ni tatu, kila moja kilo-omu 1. Rezista hiyo ina mistari ya kahawia, nyeusi na nyekundu, kisha wa dhahabu mwishoni, na ukifungua redio yoyote mbovu huikosi.

```
       R1         A         R2
  +---[1k]--------+--------[1k]---+
  |               |               |
 9V            R3 [1k]           3V
  |               |               |
  +---------------+---------------+
                  B
```

Ncha chanya za betri zote mbili zinatazama juu. Ncha hasi zote mbili, pamoja na mguu wa chini wa R3, zinakutana kwenye B.

Kwenye plaiwudi, A si nukta moja kama ilivyo kwenye karatasi. Nimefunga skrubu tatu kwa mstari na kuziunganisha kwa waya mnene wa shaba, ili kila rezista iwe na mahali pake pa kubanwa. Binti aliuangalia ubao, akasema, "Mjomba, hapa juu kuna vifundo vitatu, na kwenye mchoro kuna kimoja." Swali zuri, na ni vizuri limekuja mapema. Waya mnene wa urefu wa kidole una ukinzani mdogo mno ukilinganisha na kilo-omu 1, kwa hiyo skrubu zote tatu zina volteji ile ile. Vyote vilivyounganishwa kwa waya mtupu, bila rezista wala betri katikati, ni kifundo kimoja, hata kama vimesambaa ubao mzima. Nilimwambia achukue kalamu ya rangi, apake waya na skrubu zote za juu rangi moja, kisha za chini rangi nyingine. Rangi mbili, vifundo viwili.

Akauliza pia kuhusu pale betri ya volti 9 inaposhikana na R1. Pale panakutana vitu viwili tu. Mkondo unaotoka kwenye betri hauna pa kwenda isipokuwa kwenye R1, kwa hiyo hakuna la kukokotoa. Kifundo kinachotupa kazi ni kile kinachokutanisha njia tatu au zaidi.

Jumamosi alasiri: mishale

Tumeanza na sheria ya mkondo kwa sababu ni fupi. Jumla ya mikondo inayoingia kwenye kifundo ni sawa na jumla ya inayotoka. Chaji haziwezi kurundikana kwenye skrubu ya shaba wala kupotea ndani yake, kwa hiyo kila kinachofika lazima kiondoke wakati huo huo. Gustav Kirchhoff, Mjerumani aliyezaliwa Königsberg mwaka 1824, aliziandika sheria zote mbili mwaka 1845, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu.

Sasa mishale. Mkondo wa tawi la kushoto tumeuita I1, wa kulia I2, wa katikati I3. Nilimwambia achore anavyoona. Alichora I1 ukitoka kwenye betri ya volti 9 kwenda A, I2 ukitoka kwenye betri ya volti 3 kwenda A, na I3 ukishuka kutoka A kwenda B kupitia R3. Hoja yake ilikuwa kwamba betri ni chanzo, na chanzo hutoa. Basi kwenye A:

```
I1 + I2 = I3
```

Kisha akataka kujua kama mshale wa I2 ni sahihi. Hapa ndipo wanaoanza wengi wanapopoteza siku nzima, kwa hiyo nilikaa naye. Unapochora mshale husemi kwamba mkondo unakwenda huko. Unachagua tu upande utakaouhesabu kuwa chanya. Mkondo ukiwa unakwenda kinyume, hesabu itakuletea namba yenye alama ya hasi, na hiyo ndiyo taarifa kamili: ukubwa ni huo, upande ni kinyume cha mshale. Sharti ni moja tu, na halina msamaha: ukishauchora, usiuguse mpaka mwisho wa hesabu. Ukiugeuza katikati kwa kuwa umeanza kuhisi jibu, mlinganyo wa kifundo utakuwa unazungumzia I2 ya upande mmoja na mlinganyo wa kitanzi I2 ya upande mwingine, na hakuna atakayekuonya.

Aliandika pia mlinganyo wa B: I3 inaingia, I1 na I2 zinatoka. Ni ule ule wa A uliopinduliwa. Vifundo viwili vimetupa mlinganyo mmoja tu wenye maana, na ndivyo ilivyo siku zote: vifundo vikiwa idadi fulani, milinganyo ya mkondo yenye kitu kipya ni pungufu kwa moja. Tuna vitu vitatu tusivyovijua na mlinganyo mmoja. Miwili iliyobaki itatoka kwenye vitanzi.

Jumapili: kuzunguka vitanzi

Sheria ya volteji inasema kwamba ukizunguka kitanzi chochote na kurudi ulipoanzia, kupanda na kushuka kote kwa volteji kunajumlishwa kuwa sifuri. Ukitoka Mbale mjini asubuhi, ukapanda mlima wa Wanale, ukazunguka kwa njia nyingine na jioni ukarudi pale pale ulipoanzia, mita zote ulizopanda ni sawa na mita zote ulizoshuka, kwa njia yoyote uliyopita. Volteji ya kila nukta kwenye saketi ni kama kimo chake kutoka B.

Ugumu wote uko kwenye alama, kwa hiyo tumejiwekea kanuni na kuziandika pembeni mwa ubao kwa kalamu. Ukipita ndani ya betri kutoka hasi kwenda chanya, umepanda: jumlisha volti zake. Ukipita kutoka chanya kwenda hasi, toa. Ukipita kwenye rezista ukifuata mshale wa mkondo, umeshuka: toa mkondo mara ukinzani. Ukipita kinyume cha mshale, jumlisha. Kwenye betri mshale hauhusiki kabisa, na kwenye rezista ncha za betri hazihusiki. Anayechanganya hayo mawili hupata jibu linalofanana na ukweli, na ndiyo maana ni vigumu kulishtukia.

Kitanzi cha kushoto: anza B, panda betri ya volti 9, pita R1 ukifuata I1, shuka R3 ukifuata I3, umerudi B.

```
9 - I1×1 - I3×1 = 0
```

Kitanzi cha kulia: anza B, panda betri ya volti 3, pita R2 ukifuata I2 mpaka A, shuka R3 ukifuata I3.

```
3 - I2×1 - I3×1 = 0
```

Tumeandika ukinzani kwa kilo-omu na mikondo kwa miliampea. Kilo-omu mara miliampea inatoa volti moja kwa moja, zile sifuri tatu zinafutana na zile nyingine. Ni desturi inayookoa karatasi nyingi ukiwa na rezista za ukubwa huu.

Angalia kwamba R3 iko kwenye vitanzi vyote viwili, na mkondo unaopita ndani yake ni mmoja, I3, ulioletwa na matawi yote mawili. Binti mwanzoni alitaka kuitatua saketi kwa vipande: betri ya 9 na rezista zake mbili, kisha betri ya 3 na rezista zake mbili, kila kipande peke yake. Kwa njia hiyo angepata miliampea 4.5 kushoto na 1.5 kulia, na R3 ingebeba 6, yaani volti 6 juu yake. Betri ya volti 3 haiwezi kuendesha mkondo kwenda kwenye kifundo chenye volti 6. Matawi yanagongana kwenye A, na hakuna linaloweza kuhesabiwa bila kumsikiliza mwenzake.

Kutatua ni kazi ya dakika chache. Ukijumlisha milinganyo miwili ya vitanzi unapata 12 = I1 + I2 + 2×I3. Lakini I1 + I2 ni I3, kwa hiyo 12 = 3×I3, na I3 ni miliampea 4. Kitanzi cha kushoto kinatoa I1 = 5. Kitanzi cha kulia kinatoa I2 = −1.

Alipofika kwenye ile −1 aliweka kalamu chini akaanza kutafuta alipokosea. Hakukosea. Nilimwomba asome namba kwa sauti, kama sentensi: miliampea 1 inapita kwenye R2, kinyume cha mshale, kutoka A kwenda kwenye betri ya volti 3. "Kwa hiyo betri inakula badala ya kutoa?" Ndiyo, na sababu inaonekana ukitazama volteji. R3 imebeba miliampea 4 kwenye kilo-omu 1, kwa hiyo A iko volti 4 juu ya B. Ncha chanya ya betri ndogo iko volti 3 juu ya B. Mkondo hupita kwenye rezista kutoka volteji ya juu kwenda ya chini, yaani kutoka 4 kwenda 3. Betri ya volti 9 ndiyo imekiinua kifundo A kupita uwezo wa mwenzake.

Ili alama isimtishe tena, tulirudia hesabu nzima mshale wa I2 ukiwa umegeuzwa tangu mwanzo, ukitoka A kwenda kulia. Kifundo kinakuwa I1 = I2 + I3. Kitanzi cha kulia kinakuwa 3 + I2 − I3 = 0, kwa kuwa sasa tunaipita R2 kinyume cha mshale. Jibu: I1 ni 5, I3 ni 4, I2 ni 1 bila hasi. Saketi ni ile ile, mkondo ni ule ule.

Kuna kitanzi cha tatu, kile kikubwa kinachozunguka nje bila kupita R3. Hakitupi mlinganyo mpya, kwa sababu ni kile cha kushoto ukiondoa kile cha kulia. Lakini kwa kuhakiki ni kizuri sana. Tukirudi kwenye mishale ya kwanza: panda 9, pita R1 toa 5, pita R2 kinyume cha mshale wa I2 kwa hiyo jumlisha (−1), shuka betri ndogo toa 3. Tisa toa tano toa moja toa tatu ni sifuri. Namtaka afanye hivyo kila mara kabla ya kufunga daftari.

Jumatano jioni: multimita

Alikuja baada ya masomo tukapima. Multimita yetu ni ile ndogo ya kawaida, DT830. Kwanza tulichomoa rezista na kuzipima moja moja zikiwa nje ya ubao, kwa sababu ukipima ukinzani ndani ya saketi yenye betri unapata namba isiyo na maana. R1 ilisoma omu 990, R2 omu 984, R3 omu 987. Mstari wa dhahabu unaruhusu asilimia 5 juu au chini, kwa hiyo zote ni nzima. Kisha tukaunganisha kila kitu na kupima betri zikiwa kazini: ile kubwa volti 9.18, zile ndogo kwa pamoja 3.14.

Tukaweka multimita kwenye 20 ya volti za DC na kupima juu ya kila rezista. Juu ya R1 tulisoma 5.08. Juu ya R3, ncha nyekundu A na nyeusi B, 4.10. Juu ya R2, ncha nyekundu upande wa betri na nyeusi kwenye A, yaani kufuata mshale wake wa kwanza, multimita ilionyesha −0.96. Ile hasi ya daftarini sasa ilikuwa kwenye kioo. Alibadilisha ncha mwenyewe, ikawa 0.96.

Kitanzi cha kushoto: 9.18 toa 5.08 toa 4.10 ni sifuri. Kitanzi cha kulia: 3.14 jumlisha 0.96 toa 4.10 ni sifuri. Mikondo tuliipata kwa kugawa volti kwa ukinzani tuliopima. R1 inabeba miliampea 5.13, R3 inabeba 4.15, R2 inabeba 0.98. Kifundo A: inaingia 5.13, inatoka 4.15 na 0.98. Zinatimia. Ukipata tofauti ya tarakimu ya mwisho usishangae, multimita ya aina hii inakata namba hapo.

Hata hivyo yeye alitaka kuuona mkondo moja kwa moja, bila kugawa. Nilimruhusu, na nilijua kitakachotokea. Tulikata njia kati ya R2 na betri ndogo, tukaingiza multimita katikati ikiwa kwenye 2000µ, kwa kuwa tunatarajia chini ya miliampea 2. Ikasoma 914, yaani miliampea 0.91. Akachukua daftari: 4.15 jumlisha 0.91 ni 5.06, na R1 inabeba 5.13. "Mjomba, sheria ya mkondo imekataa."

Haijakataa. Multimita ya aina hii ikipima mkondo inaupitisha ndani ya rezista yake ndogo na kupima volti juu yake. Kwenye 2000µ rezista hiyo ni omu 100 hivi. Tumeongeza omu 100 kwenye tawi lililokuwa na 984, na mkondo umepungua kweli. Zile 4.15 na 5.13 zilipimwa multimita ikiwa haimo, hii 0.91 imepimwa ikiwamo. Ni saketi mbili tofauti, na sheria ya kifundo inahusu mikondo ya saketi moja kwa wakati mmoja. Tulihamisha swichi kwenye 20m, ambako rezista ya ndani ni omu 10 hivi, ikasoma 0.97. Mpimaji amejisogeza pembeni, na namba imekaribia ile tuliyoikokotoa.

Tangu hapo tumekubaliana: kwenye ubao huu mkondo tunaupata kwa kupima volti juu ya rezista inayojulikana. Ukipima volti, multimita inakaa pembeni na ukinzani wake ni mkubwa sana, kiasi cha megaomu 1, kwa hiyo haiisumbui saketi ya kilo-omu. Kuna sababu nyingine pia. Multimita ikiwa kwenye miliampea ni karibu sawa na waya mtupu, na anayesahau kuirudisha kwenye volti kisha akagusa ncha mbili za betri anaunguza fyuzi ya ndani. Ukiona multimita inapima volti vizuri lakini mkondo ni sifuri kila mahali, fungua nyuma uitazame fyuzi kwanza.

Jumamosi iliyofuata: betri ndogo inapoongezewa nguvu

Nilimpa kazi bila kumwonyesha jibu. Upande wa kulia aweke betri tatu za tochi badala ya mbili, yaani volti 4.5, na aniambie I2 kabla hajaunganisha. Alikwenda moja kwa moja kwenye milinganyo. Kushoto 9 = I1 + I3, kulia 4.5 = I2 + I3, jumla 13.5 = 3×I3, kwa hiyo I3 ni 4.5, I1 ni 4.5, na I2 ni sifuri. Alilitazama jibu lake kwa muda, kisha akasema mwenyewe kwamba A itakuwa volti 4.5, sawa kabisa na betri ya kulia, kwa hiyo R2 haina tofauti ya volti ncha hadi ncha na hakuna cha kusukuma mkondo. Tulipounganisha, multimita ilisoma sehemu chache tu za mia za volti moja juu ya R2, kwa kuwa betri halisi haziko 9 na 4.5 kamili. Kisha nikamwambia achomoe waya wa betri ndogo kabisa huku multimita ikiwa juu ya R3. Namba karibu haikusogea. Betri ilikuwapo bila kutoa wala kupokea.

Kwa betri nne, volti 6, alipata I3 = 5, I1 = 4 na I2 = 1 chanya. Sasa mshale wake wa kwanza ndio ulioelekea kweli. Betri mbili hasi moja, tatu sifuri, nne chanya moja. Saketi moja, mishale ile ile, na alama peke yake ndiyo iliyotueleza lini betri ndogo inapokea na lini inatoa.

Angalizo kwa atakayejenga ubao kama huu: betri kavu za tochi hazikutengenezwa kuchajiwa. Miliampea 1 kwa muda wa kupima haidhuru, lakini usiache ubao umeunganishwa usiku kucha ukiwa na betri mbili upande wa kulia. Usiondoe rezista pia ukaunganisha betri ya 9 na ya 3 uso kwa uso. Ukiandika kitanzi hicho bila rezista unapata 9 − 3 = 0, jambo lisilowezekana. Mlinganyo ukikuambia hivyo, kuna ukinzani uliousahau kuuchora. Hapa ni ule wa ndani ya betri, ambao ni mdogo, na mkondo utakuwa mkubwa mpaka betri zipate moto.

Hilo ndilo lililotupeleka kwenye kazi halisi. Jirani mwenye kibanda cha kuchaji simu anatumia sola, betri yake ya volti 12 imechoka, na alitaka kununua mpya aiunganishe sambamba na ya zamani, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Nilimwambia mpwa wangu auchore mpango huo. Akachora, akacheka: ni ubao wetu. Betri mpya kushoto, ya zamani kulia, simu na taa katikati. Mahali pa R1 na R2 pamekaa ukinzani wa ndani wa kila betri pamoja na nyaya zake.

Tulikadiria betri mpya iko volti 12.7, ya zamani 11.9, kila upande una omu 0.025, na taa na simu zinavuta ampea 3. Kifundo: I1 + I2 = 3. Kitanzi cha nje: 12.7 − 0.025×I1 + 0.025×I2 − 11.9 = 0, kwa hiyo I1 − I2 = 0.8 gawa kwa 0.025, yaani 32. Ukijumlisha, 2×I1 = 35. Betri mpya inatoa ampea 17.5, na I2 ni −14.5. Katika ampea 17.5, ni 3 tu zinazofika kwenye taa na simu. Nyingine 14.5 zinaingia kwenye betri ya zamani.

Hizo ni namba za dakika za mwanzo. Betri ya zamani ikianza kupokea chaji volteji yake inapanda, tofauti ya 0.8 inapungua, na mkondo nao unashuka. Lakini ikiwa betri hiyo imeharibika ndani na haipandi tena, itaendelea kuinyonya mpya mchana na usiku, hata taa zikiwa zimezimwa. Dalili ni waya wa kuunganisha betri kwa betri kuwa na joto wakati hakuna kinachotumika. Tulimshauri jirani kwanza achaji kila betri peke yake, aziache zitulie, azipime, na aziunganishe tu ikiwa tofauti ni ndogo, na fyuzi iwe kwenye kila tawi. Alipoipima ile ya zamani baada ya kuichaji na kuiacha usiku, ilikuwa imeshuka tena. Ameamua kuiondoa kabisa.

Kinachofuata

Ubao unaongezwa skrubu kwa ajili ya daraja la Wheatstone: rezista nne, ya tano katikati, na betri moja. Matawi yatakuwa sita, kwa hiyo mikondo sita ya kutafuta. Vifundo vinne vinatoa milinganyo mitatu ya mkondo, na vitanzi vitatu vidogo vinatoa mitatu ya volteji. Mpwa wangu ameshachora mishale yote sita kwa kalamu ya wino, na kwenye ile ya rezista ya katikati hakuniuliza iende upande gani.